Umekatwa Nairobi, unadaiwa Dar: hesabu ya mshahara uliotozwa kodi mara mbili

"Dada, mimi kodi nimeshakatwa Kenya. TRA wananidai nini tena?"

Swali hili naulizwa kila mwaka ikikaribia Juni, na anayeuliza huwa amekasirika kweli. Ana haki ya kukasirika. Mtu amefanya kazi moja na kupokea mshahara mmoja, halafu serikali mbili zinauangalia mshahara uleule. Sheria yetu inayo dawa yake, nayo ni nafuu ya kodi iliyolipwa nje. Imo katika kifungu cha 77 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Wengi hawaijui. Wanaoijua nao huikosea mahali pamoja: wanafanya hesabu kwa kutumia hati za mshahara za kila mwezi, wakati nafuu hii inahesabiwa kwa kodi ya mwaka mzima, huku na kule. Ninachotaka kuonyesha hapa ni tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua utalipa ngapi na kuna hela gani unaiacha Nairobi bila kujua.

Nitatumia kisa cha fundi viyoyozi mmoja, mkazi wa Tabata. Takwimu zake nimezirahisisha ili hesabu ifuatike. Januari hadi Juni 2024 alifanya kazi Dar kwa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Julai alipata mkataba wa miezi sita na kampuni ya Nairobi, akawa analipwa shilingi za Kenya 150,000 kwa mwezi. Nachukulia shilingi moja ya Kenya ni shilingi 20 zetu, kwa hiyo kule alikuwa anapata 3,000,000 kwa mwezi. Kwenye ritani halisi, ile taarifa ya mapato ya mwaka unayoipeleka kwa mamlaka ya kodi, hubadilishi fedha kwa bei ya kukisia namna hii, unatumia viwango vya Benki Kuu. Michango ya pensheni nimeiacha kando pande zote mbili.

Mkewe na watoto walibaki Tabata, kwenye nyumba yao. Mwezi Oktoba alirudi kwa wiki moja kumzika mjomba wake, na katikati ya Desemba akafunga mizigo.

Hapo kwenye nyumba ya Tabata ndipo TRA wanapoanzia, kabla hata ya kugusa mshahara. Wengi wanaamini kwamba ukikaa nje nusu mwaka basi wewe si mkaazi wa Tanzania kwa kodi. Si kweli. Ukiwa na makazi ya kudumu hapa nchini, na ukawepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, wewe ni mkaazi kwa mwaka huo. Kile kipimo cha siku 183 ambacho kila mtu anakitaja ni njia nyingine ya kuwa mkaazi, kinamhusu zaidi asiye na makazi hapa. Kuzikosa siku 183 hakukutoi kwenye ukaazi. Fundi wetu ana nyumba, ana familia ndani yake, na mwenyewe alikuwepo Dar Januari hadi Juni. Ni mkaazi, na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Kwa hiyo zile milioni 18 za Nairobi zinaingia kwenye ritani yake ya Tanzania hata kama hazikuwahi kupita kwenye benki ya hapa.

Kenya nao wanazitoza kwa sababu nyingine: kazi ilifanyika kwao. Hakuna aliyekosea. Kila nchi imeshika sheria yake.

Watu huniuliza kama hakuna mkataba kati ya nchi hizi mbili wa kuzuia jambo hili. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Zambia, Afrika Kusini, India na Kanada. Kenya hatuna nao mkataba unaofanya kazi. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa mwaka 2010 na haujaanza kutumika. Lakini nafuu ya kifungu cha 77 haihitaji mkataba. Inatolewa na sheria yetu wenyewe, kwa mkaazi yeyote aliyelipa kodi ya mapato nchi nyingine.

Sasa twende Nairobi. Kwenye hati yake ya mshahara kulikuwa na mistari minne ya makato, na naomba uitazame vizuri, maana hapa makosa ni mengi. Kulikuwa na PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, mchango wa pensheni wa NSSF, bima ya afya (iliyokuwa NHIF, na kuanzia Oktoba 2024 ikawa SHIF), na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Fundi alikuwa amejumlisha yote na kuyaita kodi ya Kenya. Nafuu ni ya kodi ya mapato tu. Mchango wa pensheni na bima ya afya si kodi ya mapato, hata kama vimekatwa kwa lazima na pesa hukuiona. Tozo ya nyumba nayo ni tozo inayojitegemea, mimi siiweki kwenye hesabu ya nafuu. Unabaki na mstari mmoja, PAYE.

Kwa Ksh 150,000 za mwezi, Kenya hutoza asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwa kilichobaki. Jumla ni kama Ksh 39,783. Kuna punguzo la 2,400 kwa mwezi ambalo hupewa mkaazi wa Kenya peke yake. Fundi hakuwa na nyumba kule na hakufikisha siku 183, kwa hiyo hakulipata, na mwajiri wake alikuwa sahihi kutompa. Kwa miezi sita alikatwa Ksh 238,700, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye P9 aliyokabidhiwa, ile hati ya mwajiri inayoonyesha mapato na kodi ya mwaka. Kwa hela yetu ni 4,774,000.

Alinisukumia hiyo P9 mezani. "Hii hapa. Hii ndiyo kodi niliyolipa."

Nikamwambia, "Kaka, hiki ndicho ulichokatwa. Kodi yako ya Kenya bado hatujaihesabu."

Namna anavyokata mwajiri ni hii: kila mwezi anachukulia kwamba utapata mshahara huohuo miezi kumi na miwili. Kwa mtu wa mwaka mzima makato hayo hutoka sawasawa. Fundi alipata kwa miezi sita tu. Viwango vya Kenya kwa mwaka ni asilimia 10 kwa Ksh 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30. Mapato yake ya Kenya kwa mwaka yalikuwa Ksh 900,000. Ukiyapitisha kwenye viwango vya mwaka unapata 28,800, ukiongeza 25,000, ukiongeza 153,600, jumla 207,400. Alikatwa 238,700. Ksh 31,300 zimezidi, yaani shilingi zetu 626,000, kwa sababu nafasi ya viwango vya chini ya miezi sita ya kwanza haikutumika.

Hela hiyo ni ya kudai KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. TRA hawana cha kufanya nayo. Kodi inayozidi kile ulichotakiwa kulipa kule haigeuki kuwa nafuu huku. Ni malipo ya ziada kwa serikali nyingine, na anayerudisha ni aliyepokea. Kuidai kunahitaji ujaze ritani ya Kenya kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa PIN yako ya KRA, na mwisho wake ni Juni 30 ya mwaka unaofuata, tarehe ileile ya ritani yetu. Ndiyo maana kila mteja wa namna hii namwanzisha na ritani ya Kenya kabla ya ya Tanzania. Ritani ya Kenya ndiyo inayokupa namba ya kweli ya kubeba kuja nayo Dar.

Kuna faida nyingine ya kuingia iTax mapema. Mapato ya ajira huja yenyewe pale kutokana na ritani ambazo mwajiri wako amepeleka KRA. Ukikuta sehemu hiyo tupu, au miezi miwili imekosekana, jua mwajiri alikukata na hakuwasilisha. P9 unayo mkononi, lakini upande wa serikali hakuna rekodi. Na nafuu ya huku ni ya kodi iliyolipwa, kwa hiyo ofisa wa TRA akiomba uthibitisho kutoka mamlaka ya kodi ya Kenya utakwama. Nimeona mtu aliyepata tatizo hili akiwa ameshaondoka kule, mwajiri hapokei simu, na mwenzake wa ofisi ya mishahara kahama kazi. Ukiligundua Januari bado una miezi ya kubana. Ukiligundua Juni 28 huna.

Kwa fundi, mapato yote yalikuwepo. Kodi yake ya Kenya ni Ksh 207,400, sawa na shilingi 4,148,000.

Turudi Dar. Ritani ya Tanzania inajumlisha mapato yote ya mwaka: milioni 9 za hapa na milioni 18 za Nairobi, jumla milioni 27. Viwango vya mkaazi kwa mwaka vinaacha 3,240,000 za kwanza bila kodi, vinapanda hatua kwa hatua, na ukifika milioni 12 unakuwa umedaiwa 1,536,000. Kila shilingi ya juu ya hapo hutozwa asilimia 30. Juu ya milioni 12 fundi ana milioni 15, ambazo kodi yake ni 4,500,000. Kodi yote ya mwaka ni 6,036,000.

Sasa nafuu. Hapa sheria imeweka ukomo ambao wengi wanaukosea. Nafuu haiwezi kuzidi wastani wa kiwango cha kodi yako ya Tanzania ukizidishwa kwa mapato yako ya nje. Wastani, si kiwango cha juu kabisa. Wengi wanasema: mimi niko kwenye asilimia 30, mapato yangu ya nje ni milioni 18, basi ukomo wangu ni 5,400,000, na kodi ya Kenya ya 4,148,000 inaingia yote. Sivyo. Wastani wa fundi ni 6,036,000 kugawanya kwa 27,000,000, ambao ni kama asilimia 22.4. Mapato ya nje ni theluthi mbili ya mapato yote, kwa hiyo ukomo ni theluthi mbili ya kodi yote: 4,024,000.

Kodi yake ya Kenya ni 4,148,000. Anayoruhusiwa ni 4,024,000. Shilingi 124,000 zinabaki nje ya nafuu ya mwaka huo. TRA hairudishi ziada hiyo, na haiwezi kutumika kupunguza kodi ya mapato ya Dar. Mantiki yake naielewa na naikubali: Tanzania imekubali kuacha kodi yake juu ya mapato ya Nairobi, haijakubali kulipia kodi ya Kenya kwa kutumia kodi ya mapato yaliyopatikana Tabata.

Tumalize hesabu yake. Kodi ya mwaka 6,036,000. Toa nafuu 4,024,000. Toa PAYE aliyokatwa Dar kwa miezi sita. Kwa mshahara wa 1,500,000 PAYE ni 278,000 kwa mwezi, jumla 1,668,000. Kinabaki 344,000, na hicho anatakiwa kulipa.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema nilichokitarajia. "Kenya nimelipa kuliko mnavyotaka nyie, Dar nimekatwa kila mwezi. Hizi laki tatu na arobaini na nne zimetoka wapi?"

Zimetoka kwenye milioni 9 za Dar. Mwajiri wa Dar alipokuwa anakata 278,000 kila mwezi alikuwa anachukulia kwamba fundi ni mtu wa milioni 18 kwa mwaka. Mwaka ulipoisha fundi alikuwa mtu wa milioni 27. Wastani wake wa kodi umepanda kutoka asilimia 18.5 hadi 22.4, na kupanda huko kunagusa mapato yote, yakiwemo ya Dar. Chukua milioni 9, zidisha kwa wastani mpya, unapata 2,012,000. Alikatwa 1,668,000. Tofauti ni 344,000 ileile. Mshahara wa Nairobi wenyewe haujatozwa hata shilingi moja na Tanzania. Umeisukuma tu milioni 9 ya Dar kwenye wastani wa juu.

Nilimwandikia hesabu hii kwenye karatasi, akaipitia mara mbili kwa kidole, halafu akatoa simu akaipiga picha. Hasira ilipungua. Naamini mtu hukubali deni akishaona limezaliwa wapi, na ndiyo maana sipendi kumkabidhi mteja namba moja ya mwisho peke yake.

Ona ilivyogeuka: mwaka uleule mmoja, kule amezidisha 626,000, huku amepunguza 344,000. Sababu ni ileile, makato ya mwezi yanakisia mwaka ambao haukutokea. Kule yalikisia mapato makubwa kuliko aliyopata Kenya, huku yalikisia mapato madogo kuliko aliyopata duniani. Angekuja na P9 na hati za mshahara tu, bila ritani ya Kenya, nafuu yake ya Tanzania ingetoka vilevile 4,024,000, maana ukomo ungembana hata hivyo. Angelipa 344,000 zake vizuri, na 626,000 zingebaki Nairobi bila mtu wa kumkumbusha. Kwa kadiri ninavyoona, hilo ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi ya deni la TRA lenyewe. Ukomo ukishakubana, kila shilingi unayoirudisha kihalali kutoka nchi ile ni yako mzima mzima, haipunguzi nafuu yako ya huku.

Kwa mtu aliyekaa Kenya siku 183 au zaidi mambo hubadilika. Anakuwa mkaazi wa kule pia, anapata lile punguzo, lakini Kenya nao humtazama mkaazi wao kwa mshahara alioupata nje ya Kenya. Huyo asijaze chochote kabla hajakaa na mtu anayejua ritani za pande zote mbili. Na aliyefanya kazi nchi yenye mkataba nasi aanze na kifungu cha ajira cha mkataba huo, kwa sababu inawezekana nchi ile haikuwa na haki ya kumtoza kabisa. Kodi iliyotozwa kinyume cha mkataba hudaiwa kulekule. Kuileta Dar kama nafuu ni kutafuta kukataliwa.

Kuhusu ritani ya Tanzania yenyewe. Mwajiriwa wa mwajiri mmoja wa hapa, ambaye hana pato lingine na PAYE yake imekatwa, kwa kawaida hajazi ritani, na ndiyo maana wengi wa wafanyakazi hawajawahi kuiona. Mwenye mshahara wa nje anajaza, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Nafuu haiji yenyewe, unaidai ndani ya ritani hiyo. Ukikaa kimya na TRA wakaja kujua mapato hayo baadaye, kwa fundi wetu hesabu ya kwanza watakayoiona ni 6,036,000 kutoa 1,668,000, yaani deni la 4,368,000, na riba na adhabu ya kuchelewa juu yake. Kuanza kubishana ukiwa hapo, huku ukitafuta karatasi za mwajiri wa nchi nyingine, ni kazi ngumu sana.

Fundi nilimwekea kwenye bahasha moja: ritani ya Kenya na risiti yake ya kupokelewa, P9, mkataba wa kazi, taarifa ya benki inayoonyesha mishahara sita ikiingia, nakala za pasipoti zenye mihuri ya kutoka na kuingia, na karatasi ya hesabu inayoonyesha viwango vya kubadilisha fedha mwezi kwa mwezi. Hiyo ya mwisho watu huiacha, na ndiyo ofisa anayoiuliza kwanza, kwa sababu bila hiyo hawezi kuona Ksh 900,000 zimegeukaje kuwa milioni 18.

Mkataba wake wa Nairobi umeanza tena, safari hii wa mwaka mzima, mshahara ni uleule. Mapato yake yote yakiwa ya Kenya, ukomo wa nafuu unakuwa sawa na kodi yake yote ya Tanzania: 8,736,000 kwa milioni 36. Kwa viwango hivyo hivyo, na makato mengine yote yakiwekwa kando, kodi ya Kenya itakuwa juu ya hapo, hata akipata punguzo la mkaazi la Ksh 28,800 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, cha kulipa TRA kitakuwa sifuri. Nyumba ya Tabata bado ipo, Krismasi atakuja, kwa hiyo ritani yenye sifuri hiyo ataijaza.